Nani Yumo Kwenye Hesabu

Kazi ya afisa wa afya ya umma niliianzia Kitengela na kuimalizia Illasit. Miji hiyo miwili imo katika Kaunti moja ya Kajiado, lakini ni vigumu kupata miji isiyofanana zaidi. Kitengela iko kaskazini, imepakana na Athi River, na kila mwezi wapangaji wapya hushusha magodoro kwenye ploti ambazo mwaka uliopita zilikuwa malisho. Illasit iko kusini kabisa, miguuni pa Kilimanjaro, mahali ambapo ukivuka barabara umeingia Tarakea, Tanzania. Nimestaafu na ninaishi huku huku. Wanafunzi wa uuguzi na wa tiba huja kwangu kudurusu somo la afya ya jamii kabla ya mtihani, na kila kundi hutaka niwakaririshe hatua za uchunguzi wa mkurupuko kama zilivyoandikwa kwenye notisi. Hatua hizo nawapa. Kisha nawaeleza lililonifunza zaidi katika kazi yangu yote, yaani ile namba ya chini ya sehemu, ambayo shuleni tuliiita asili.

Nilikutana nayo kwanza Kitengela. Kila mwaka tulipewa idadi ya watoto wa chini ya mwaka mmoja tuliotarajiwa kuwachanja, iliyokadiriwa kutokana na sensa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ukawa na watu 154,436. Katikati ya sensa hizo mbili makadirio hayakuweza kwenda kasi ya mji. Vituo vilichanja watoto wengi kuliko walioandikwa kwenye lengo, na grafu iliyobandikwa ukutani ikapita asilimia 100. Wageni waliokuja kukagua walitupongeza. Lakini nilipopita kwenye ploti za nyuma nilikuta watoto waliohamia kutoka kaunti nyingine bila kijitabu cha kliniki, na mama zao hawakujua chanjo inatolewa wapi. Asilimia 100 ukutani haikumaanisha kwamba kila mtoto alikuwa amefikiwa. Ilimaanisha kwamba tulikuwa tunagawanya kwa namba ndogo mno.

Nilipohamishiwa Illasit tatizo liligeuka upande wa pili. Huku mama kutoka Tarakea akija sokoni na mtoto mgongoni, sista humchanja mtoto huyo, na ndivyo inavyopaswa, maana ugonjwa hauulizi pasipoti. Jina lake huandikwa kwenye rejista, naye huingia kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi. Lakini hayumo katika idadi ya watoto tunaotarajiwa kuwachanja. Kwa hiyo namba ya juu hukua kwa watoto wasio katika namba ya chini. Wakati huohuo, watoto wa maboma ya mbali, ambao familia zao hufuata malisho ukame unapokaza, huweza kukosa kliniki kwa miezi, na nafasi yao katika ripoti huwa imejazwa na wale wa sokoni. Ukisoma ripoti tu, huwezi kujua kwamba hawapo.

Hayo yalidhihirika siku ukambi ulipoingia upande wetu. Mhudumu wa afya ya jamii alinipigia simu kuniambia kwamba katika maboma matatu ya karibu watoto wana homa na upele. Nilichukua boda boda pamoja na sista wa kituo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kwamba kweli ni ukambi, kwa sababu upele wenye homa una vyanzo vingi, na rubella ni kimojawapo. Tulitumia ufafanuzi wa mgonjwa anayeshukiwa: mtu yeyote mwenye homa na upele usio na malengelenge, pamoja na angalau kimoja kati ya kikohozi, mafua au macho mekundu. Ufafanuzi huo lazima uandikwe kabla ya kuanza kuhesabu, na usibadilishwe njiani ovyo, la sivyo kila anayehesabu atahesabu ugonjwa wake. Sista alitoa damu kwa watoto wa kwanza, tukajaza fomu MOH 502 kwa kila mmoja, na sampuli zikapelekwa Nairobi kutafutwa kingamwili za IgM. Katika ukanda wetu wa Afrika, wagonjwa watatu waliothibitishwa na maabara ndani ya mwezi mmoja katika eneo moja wanatosha kuutangaza mkurupuko. Baada ya hapo hakuna haja ya kumchoma sindano kila mtoto. Aliyeugua baada ya kukaa pamoja na mgonjwa aliyethibitishwa huingizwa kwa uhusiano huo.

Hatukungoja majibu ndipo tutibu. Kila mtoto mgonjwa alipewa vitamini A, dozi ya kwanza siku hiyo na ya pili siku iliyofuata: yuniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi sita, 100,000 kwa wa miezi sita hadi kumi na mmoja, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja na kuendelea. Dawa hiyo huokoa macho, na huokoa maisha.

Kisha tukaandika orodha ya wagonjwa, mstari mmoja kwa kila mtoto: umri, boma, tarehe ya upele kuanza, tarehe za chanjo, kituo kilichomchanja, na mahali alipokuwa katika wiki tatu kabla ya kuugua. Tarehe muhimu ni ya upele, si ya kufika kituoni. Ukiziweka tarehe hizo kwenye grafu, ugonjwa unajieleza wenyewe. Kipindupindu kinachotoka kwenye kisima kimoja hupanda ghafla na kushuka. Ukambi huja kwa mawimbi: wachache, kimya cha siku kumi hadi kumi na nne, kisha wimbi kubwa zaidi. Mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya upele hadi siku nne baada yake. Wimbi la kwanza katika orodha yetu lilikuwa la watoto waliokuwa wakifuatana na mama zao sokoni. La pili lilikuwa la ndugu na majirani zao.

Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama kitabu kinavyosema. Taabu ilitokea kwenye safu ya chanjo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamechanjwa, na habari hiyo ilifika kwenye baraza la chifu kabla yetu. Mzee mmoja alisimama akasema, “Daktari, mmetuambia tuwalete watoto, tumewaleta. Sasa wanaougua ni walewale mliowachoma sindano. Tuwalete tena kwa nini?” Baadhi ya kina mama wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Swali lake lilikuwa la haki, na lilistahili jibu la hesabu badala ya kukemewa.

Jibu nililompa ndilo ninalowafundisha wanafunzi hadi leo, kwa namba nilizozitunga ziwe rahisi kushika. Chukua kijiji chenye watoto 200. Waliochanjwa ni 180, wasiochanjwa ni 20. Ukambi unaingia, na watoto 28 wanaugua: 16 kati yao walichanjwa, 12 hawakuchanjwa. Anayetazama wagonjwa peke yao ataona kwamba asilimia 57 walichanjwa, na atasema chanjo haifai. Lakini rudi kwenye kijiji kizima. Kati ya watoto 20 wasiochanjwa waliugua 12, yaani asilimia 60. Kati ya 180 waliochanjwa waliugua 16, yaani karibu asilimia 9. Chanjo imepunguza hatari kutoka 60 hadi 9, na hiyo ni kinga ya asilimia 85. Ndicho kiwango kinachotarajiwa kwa dozi moja inayotolewa mtoto akiwa na miezi tisa. Kwa kila watoto mia wanaopewa dozi hiyo, kama 15 hawashiki kinga, mara nyingi kwa sababu bado wana kingamwili za mama. Ndiyo maana Kenya iliongeza dozi ya pili ya miezi 18 mwaka 2013, na mwaka 2016, baada ya kampeni kubwa ya nchi nzima, chanjo ya ukambi pamoja na rubella ikachukua nafasi ya ile ya ukambi peke yake.

Nilimwambia mzee, “Waliochanjwa ni wengi miongoni mwa wagonjwa kwa sababu ni wengi mno kijijini. Kama kila mtoto angechanjwa, basi hata angeugua mmoja tu, huyo mmoja angekuwa amechanjwa.” Alifikiri, akauliza jinsi gani ninajua waliochanjwa kijijini ni wangapi. Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote.

Mara nyingi afisa hana nafasi ya kuzuru kila boma. Anachokuwa nacho ni orodha ya wagonjwa na kiwango cha chanjo cha eneo, na kwa hivyo viwili anaweza kukadiria nguvu ya chanjo. Miongoni mwa wagonjwa, gawanya waliochanjwa kwa wasiochanjwa: 16 kwa 12 ni 1.33. Katika kijiji kizima fanya vivyo hivyo: 180 kwa 20 ni 9. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili, utapata 0.15. Iondoe katika moja, inabaki 0.85, ileile asilimia 85. Njia hii ni ya haraka, na katika mkurupuko haraka ina thamani. Lakini sasa shika wagonjwa walewale 28, usimguse hata mmoja, ubadilishe kiwango cha chanjo tu. Ukiamini ripoti inayosema asilimia 99, nguvu ya chanjo inakuwa karibu asilimia 99. Kiwango cha kweli kikiwa 80, inashuka hadi 67. Kikiwa 60, inaanguka hadi 11.

Wanafunzi hunyamaza wakifika hapo, kwa sababu wanaona hatari. Rejista iliyovimba haidanganyi tu kuhusu watoto waliokosa chanjo. Huficha pia chanjo iliyoharibika. Kama friji iliua chanjo ya mwaka mzima, na ripoti inasema kila mtoto kachanjwa, hesabu itakuambia chanjo ni nzuri ajabu, nawe utarudi nyumbani.

Kwa hiyo hatukutumia ripoti. Tulizunguka maboma pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, tukauliza habari za kila mtoto wa umri ule, mzima na mgonjwa, kwa utaratibu mmoja. Mwenye kijitabu cha kliniki tuliandika tarehe. Asiye nacho tulilinganisha jina lake na rejista MOH 510 ya kituo alichotaja mama. Aliyekosekana kote, tena mama hana hakika, tuliandika “haijulikani” na kumweka nje ya hesabu ya nguvu ya chanjo. Kumhesabu kuwa hakuchanjwa ni kujidanganya. Aliyechanjwa chini ya siku 14 kabla ya upele naye hatukumhesabu kuwa na kinga, kwa sababu yaelekea alikuwa amekwisha kuambukizwa sindano ilipomfikia.

Tulipopanga majibu kwa kituo kilichochanja, picha iligawanyika. Watoto wa vituo vingi walikuwa na kinga ya kawaida. Wa zahanati moja ndogo, ambayo sitaitaja, walikuwa wakiugua karibu sawa na wasiochanjwa. Tuliomba chati ya friji, ambayo hujazwa asubuhi na jioni, siku za mapumziko zikiwemo. Kiwango kinachokubaliwa ni nyuzi 2 hadi 8. Chati ilionyesha namba ileile iliyorudiwa kwa wiki nyingi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Friji halisi haikai hivyo. Mlango hufunguliwa, gesi huisha, jua huwaka, na namba hucheza kidogo kila siku. Usawa uliopita kiasi ni dalili kwamba kipimajoto hakikusomwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila kichupa cha chanjo hii kina dozi kumi za unga mkavu. Kikishachanganywa na maji yake hudumu saa sita tu, na hakivumilii joto. Mabaki hutupwa. Mhudumu anayeogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizotupwa hushawishika kufanya moja kati ya mawili: kuwarudisha nyumbani mama wawili hadi wafike watoto wengi, au kukibakiza kichupa mpaka kesho. La kwanza humpotezea mtoto chanjo, kwa kuwa mama aliyetembea kutwa hatarudi upesi. La pili humpa sindano isiyo na kitu, na kijitabu kinaandikwa kwamba amekingwa. Alama ya joto iliyo kwenye kifuniko cha kichupa haiwezi kukusaidia hapo, kwa sababu kifuniko hung’olewa wakati wa kuchanganya.

Watoto wote wa zahanati ile tuliwahesabu kuwa hawakuchanjwa, tukawachanja upya. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto mwenye kinga. Katika maboma yaliyoathirika tulianza na watoto wa miezi sita, kama inavyoruhusiwa wakati wa mkurupuko, tukiwaeleza kina mama kwamba dozi hiyo ya mapema haihesabiwi na kwamba ya miezi tisa na ya miezi 18 bado ziko palepale. Wenzetu wa Tarakea, wanaouita ugonjwa huu surua, walipewa orodha ya wagonjwa wenye jamaa upande wao. Tanzania nayo huchanja kwa miezi tisa na 18, kwa hiyo hatukuwa na la kubishania. Mawimbi yakafifia.

Katika siku zile viongozi wa soko walitaka tuwapime joto wote wanaovuka mpaka. Ombi kama hilo lilirudi kwa nguvu mwaka 2020 wakati wa korona, kipimajoto cha paji la uso kilipokuwa kwenye kila mlango. Linatupeleka kwenye sehemu ya mwisho ya mtaala, masharti ya uchunguzi wa watu wasiojijua kuwa wagonjwa. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Wilson na Jungner chenye masharti kumi, na wanafunzi huyakariri yote. Mimi huwauliza matatu tu. Je, ugonjwa una hatua ya awali ambayo kipimo kinaweza kuiona? Je, kuna matibabu yanayokubalika kwa atakayepatikana? Je, kazi hiyo itaendelea, au itafanywa siku moja na kuachwa?

Joto la mpakani linaanguka kwenye swali la kwanza. Aliyeambukizwa ukambi hukaa takriban siku kumi bila homa, anavuka akiwa baridi kabisa na kuugulia nyumbani. Anayekutwa na homa, huku kwetu mara nyingi ana malaria au kitu kingine. Wengine hupita njia za panya, ambako hakuna mwenye kipimajoto. Tungetumia watumishi wetu wote mlangoni huku maboma yakibaki bila mtu.

Badala yake tulibeba utepe wa mkono. Katika kila boma sista alipima mkono wa juu wa kila mtoto wa miezi sita hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni manjano. Utapiamlo una hatua ya awali inayopimika, utepe ni wa bei ndogo na haumuumizi mtoto, chakula cha tiba kipo kituoni, na mhudumu wa afya ya jamii anaweza kurudia kipimo kila mwezi. Tena mtoto mwenye utapiamlo ndiye ukambi humuua upesi, kwa hiyo tuliyempata tulijua la kumfanyia siku ileile. Utepe nao una mpaka wake. Mtoto aliyevimba miguu anaweza kuonekana kijani, kwa hiyo kila mara tulibonyeza upande wa juu wa miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, kuona kama shimo linabaki.

Ninyi mnaodurusu, mtihani utawauliza hatua kumi za mkurupuko, na mzijue. Lakini siku mtakapopewa kituo chenu, kwanza fungueni rejista na muulize watoto walioandikwa humo wanaishi wapi. Kisha tokeni nje, mwende kwenye boma la mbali zaidi au ploti mpya zaidi, mkatafute watoto wasioandikwa. Msitie saini ripoti ya asilimia 100 kabla ya kufanya hivyo.